Chatiboti ya kanuni au ya modeli ya lugha? Dhana potofu na ukweli

Dhana: Chatiboti ya kanuni imepitwa na wakati.

ELIZA, programu ya mazungumzo ambayo Joseph Weizenbaum wa MIT aliieleza mwaka 1966, ilitafuta maneno fulani kwenye sentensi na kujibu kwa kiolezo kilichokwisha kuandikwa. Njia hiyo ya kanuni bado inafaa. Kama una maswali kumi na tano na kila moja lina jibu moja, ya nini kutafuta mtambo wa kutunga sentensi mpya? Jibu ulilolihakiki ndilo litakalotoka.

Dhana: Kanuni hazikosei.

Hazizushi jibu, ila swali huwa zinalikosea. Tazama hii:

```python
if "saa" in ujumbe:
    jibu = "Tunafungua saa 2 asubuhi."
```

Mtu akiandika "naomba msaada", ataambiwa saa za kufungua, kwa kuwa "saa" imo ndani ya "msaada". Ukitumia `re.search(r"\bsaa\b", ujumbe)`, neno linatafutwa likiwa limesimama peke yake na kosa hilo linakwisha. Lakini ukiifanyia "fungua" vivyo hivyo, "mnafungua" na "mtafungua" hazitambuliki tena. "Mbona hamfungui Jumapili?" ndiyo kabisa: inaponyoka kwa njia zote mbili, maana hata irabu ya mwisho imebadilika. Vitenzi vyetu vina viambishi vingi mno kwa mchezo huu. Ndiyo maana kwa maswali machache mimi hupendelea vitufe au namba za kuchagua. Hapo hakuna cha kukisia.

Dhana: Modeli ya lugha huchota jibu kwenye ghala la ukweli.

Hapana. Hukadiria kipande cha neno kinachofuata, kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo "hamfungui" itaielewa, hata ikiandikwa kwa makosa, lakini ikiulizwa kuhusu sikukuu ambayo hukuitajia, inaweza kutaja saa ya kubuni bila kusita. Kuweka `temperature`, kipimo cha bahati nasibu katika kuchagua maneno, kuwa 0 hupunguza kubadilikabadilika kwa majibu, si uongo. Kuipa waraka wako iusome kwanza kunasaidia zaidi, ingawa hakumalizi tatizo.

Dhana: Lazima uchague moja.

Watu wakitaka kuandika kwa maneno yao, iachie modeli kazi ya kusoma tu. Ipe orodha ya maswali yenye namba, iamuru irudishe namba moja, au 0 kama hakuna linalolingana. "Mbona hamfungui Jumapili?" irudishe 3, na programu itoe jibu la 3 uliloandika mwenyewe. "Naomba msaada" irudishe 0, na ujumbe uende kwa mtu. Ikikosea namba, muulizaji atapata jibu lisilohusiana na swali lake, na mara nyingi atalishtukia. Saa ya kubuni asingeishtukia. Jumbe zilizopata 0 zihifadhi uzisome: humo ndimo utakapoona swali la kumi na sita.