Seramidi ni nini? Kutofautisha krimu inayojenga ngozi na ile inayoing'arisha tu

Mama anayetufulia nguo mtaani kwetu, hapa Nakuru, alininyooshea mikono yake mwezi wa Februari, ule wakati wa jua kali na upepo wa vumbi. Iling'aa. Alikuwa ametoka kuipaka ile jeli ya kukamulia ng'ombe ambayo nyumba nyingi huku huitumia kwa watu kuliko kwa ng'ombe. Kisha akatia mkono kwenye beseni la sabuni ya unga, akavuta pumzi kwa meno. “Mwanangu, unaniwasha kama nimeukamulia ndimu.”

Mkono unang'aa, na bado sabuni inapenya hadi kwenye uhai wake. Ukielewa jambo hilo linavyowezekana, umeelewa seramidi.

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni jembamba mno, kama milimita 0.01 hadi 0.02 sehemu nyingi za mwili. Karatasi ya daftari ni nene kulipita mara kadhaa. Ndani ya wembamba huo kuna safu 15 hadi 20 za chembe bapa zilizokufa, zimepangwa kama mawe ya ukuta. Mawe peke yake hayazuii maji. Kinachozuia ni mota iliyo katikati, na mota ya ngozi ni mafuta ya aina tatu: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Seramidi ndiyo nyingi kuliko zote, karibu nusu ya uzito wa mota yenyewe. Kolesteroli ni ile ile tunayoisikia hospitalini ikitajwa kwa ubaya, lakini ngozini ni lazima iwepo.

Mafuta hayo matatu hayakumwagwa tu katikati ya mawe. Yamejipanga tabaka juu ya tabaka, yamebanana, na mpangilio huo ndio unaofanya maji ya mwilini yasipotee ovyo na sabuni isiingie. Sabuni ikikokota sehemu ya mafuta hayo kila siku, mota hubaki na mianya. Maji hutoka, ngozi hupauka. Sabuni huingia, ngozi huwasha. Tena sabuni ya kipande huwa na uchachu mdogo kuliko ngozi inavyopenda: kwenye kipimo cha pH, ambapo namba ikipanda uchachu hupungua, ngozi huwa karibu na 5, sabuni hiyo hufika 9 au 10. Vimeng'enya vinavyotengeneza seramidi ndani ya ngozi hufanya kazi vizuri palipo na uchachu, kwa hiyo anayefua kutwa anabomolewa ukuta huku fundi wake amefungwa mikono.

Sasa jeli. Nataka niitendee haki, kwa sababu siku hizi kuna watu wanaisema vibaya kana kwamba ni uchafu. Jeli ya petroli ikipakwa kwa ukamilifu huzuia karibu maji yote yasitoke ngozini, na hakuna mafuta ya kujipaka yanayoishinda kwa hilo. Huingia hata kwenye mianya ya safu za juu, na ngozi huendelea kujitengeneza chini yake. Ni kama kufunika kwa nailoni ukuta uliobomoka mvua inaponyesha: nyumba hailowi, na fundi anapata nafasi. Lakini nailoni si mota. Ukiibandua, au sabuni ikiibandua, unakutana na tundu pale pale lilipokuwa. Mama yule alikuwa akijipaka saa mbili asubuhi na kufikia saa tatu beseni limekwisha kuibandua yote.

Kuna mafuta mengine hayafiki hata kiwango cha nailoni. Chupa nyingi za “mafuta ya mtoto” na “mafuta ya kung'arisha” ni mafuta mepesi ya madini na manukato, basi. Yanateleza, yanang'aa, na yanazuia maji kidogo tu ukilinganisha na jeli. Na mafuta ya mimea nayo hayafanani. Yenye asidi linoleiki kwa wingi, kama ya alizeti ya kawaida, huwa rafiki wa ngozi, kwa sababu mwili wenyewe huhitaji asidi hiyo kutengeneza aina mojawapo muhimu ya seramidi. Yenye asidi oleiki kwa wingi, kama ya zeituni, na hata ya parachichi ambalo tunalo tele, huweza kulegeza mpangilio ule wa mota. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield uliotolewa mwaka 2013, watu wazima waliopaka mafuta ya zeituni kwa wiki kadhaa walionekana ukuta wao wa ngozi umepungua uimara, hata wasiokuwa na historia ya ugonjwa wa ngozi. Kwa macho mkono ule ungeonekana umeshiba mafuta. Mng'ao hauna habari ya kilichoko chini.

Sehemu inayonivutia zaidi ni hii. Mtu angedhani kwamba ukipaka seramidi pekee, mota itapona. Mwaka 1993 watafiti wa San Francisco waliondoa mafuta ya ngozi ya panya wasio na manyoya kwa kutumia asetoni, kisha wakapaka mafuta hayo matatu kwa mafungu tofauti. Walipopaka aina moja pekee, au mbili bila ya tatu, ngozi ilichelewa kupona kuliko iliyoachwa bila kupakwa. Walipopaka zote tatu, ilipona kwa kasi yake ya kawaida. Baadaye wakaona kwamba moja kati ya hizo tatu ikizidishwa, mafungu matatu yake kwa fungu moja la kila mojawapo ya zile mbili nyingine, kupona huwa kwa haraka zaidi. Sababu ni kwamba mafuta hayo hayabaki juu. Chembe hai zilizo chini huyachukua, huyafunga katika vifuko vidogo pamoja na yale zinayotengeneza zenyewe, kisha huyamwaga katikati ya mawe. Ukiwaletea mafundi kiungo kimoja tele bila vingine, wanakoroga mota mbovu.

Kwa hiyo neno “seramidi” kwa maandishi makubwa mbele ya kopo halinitoshi. Mimi hugeuza kopo. Viungo huandikwa kwa kufuata wingi, kilicho kingi kwanza, mpaka vinapofika chini ya asilimia 1. Hapo mtengenezaji huweza kuvipanga atakavyo. Kuna kihifadhi kinachoandikwa “Phenoxyethanol”, na hicho kwa kawaida hakizidi asilimia 1. Hukitumia kama jiwe la mpaka: kilichoandikwa baada yake huenda ni kidogo sana. Seramidi mara nyingi huwa baada ya mpaka huo au karibu nao, na hilo si kosa, maana hufanya kazi kwa kiasi kidogo. Ila kiasi kidogo na kiasi cha mapambo huandikwa vilevile, na kopo halikuambii ni kipi.

Ndiyo maana naangalia ukoo mzima. Tulikaa na yule mama, makopo mawili mezani. La kwanza, jeli yake: “Petrolatum”, “Paraffinum Liquidum”, manukato. Mwisho. La pili, krimu ya duka la dawa isiyo na harufu: maji, halafu “Glycerin” katika nafasi ya pili, mafuta kadhaa, kisha huko chini “Ceramide NP”, “Ceramide AP”, “Ceramide EOP”, na mistari miwili mbele, “Cholesterol”. Herufi zile mbili au tatu hutaja tu aina ya seramidi. Kuziona zaidi ya moja, tena pamoja na kolesteroli na asidi ya mafuta, ni dalili kwamba aliyetengeneza alikuwa anafikiria mota. Gliserini juu kabisa nayo ni jambo jema, kwa sababu hiyo ndiyo inayoshika maji ngozini leo hii wakati seramidi ikichukua siku zake.

Angalizo moja: “Stearic Acid” ni asidi ya mafuta kweli, lakini katika losheni nyingi za bei nafuu imewekwa ili maji na mafuta yasiachane. Ukiiona peke yake, bila seramidi wala kolesteroli, usiihesabu kama mota.

Kopo lisilo na orodha ya viungo kabisa siligusi. Na krimu inayolainisha ngozi iliyochubuka kwa siku mbili tatu inanitia wasiwasi, kwa sababu steroidi kali hufanya hivyo, nayo ikitumiwa muda mrefu huipunguza ngozi unene.

Kusoma ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kupima, na mama alikubali kupima kwa vigasha vyake. Kila jioni baada ya kazi alioga, akajikausha kwa kubonyeza taulo bila kusugua, akapaka jeli kigasha cha kushoto na krimu cha kulia. Kipimo kilikuwa urefu wa pingili ya mwisho ya kidole cha shahada, kiasi kinachotosha eneo la viganja viwili. Alifanya hivyo siku 14, maana tabaka lile la juu huchukua takriban wiki mbili kujibadilisha. Tulikubaliana asiangalie mkono mara baada ya kujipaka, wakati mikono yote miwili inapendeza. Aangalie jioni, kabla ya kupaka tena.

Siku tatu za mwanzo jeli ilishinda. Mkono wa kushoto ulikuwa laini zaidi, naye akanitazama kwa macho ya kuniambia nimempotezea muda. Kama siku ya tisa alisema wa kulia hauwashi tena akiutia kwenye beseni. Wa kushoto ulikuwa unawasha bado, ingawa si kama zamani. Kisha tukafanya kile ambacho wengi hawafanyi: tukaacha kupaka mikono yote miwili. Kesho yake alasiri alipita ukucha juu ya kigasha cha kushoto, mstari mweupe ukabaki kama chaki. Wa kulia haukuacha mstari mpaka siku ya tatu.

Huyo ni mtu mmoja na vigasha viwili, siwezi kukuahidi wewe vivyo hivyo. Mikono iliyopasuka ikatoa usaha au majimaji ni ya kupeleka kwa daktari, si ya kujaribia krimu. Na bei ni suala la kweli: krimu ile ni ghali kuliko jeli mara kadhaa. Mama alipiga hesabu yake mwenyewe. Krimu anaipaka usiku tu, mikononi na kwenye vigasha, ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga. Jeli ya ng'ombe haikufukuzwa. Anaipaka nyembamba asubuhi, anavaa glavu za mpira juu yake, ndipo anavuta beseni.