Akaunti ya kikundi ni nini, na nani anatakiwa kutia saini

Wengi wakisikia akaunti ya kikundi wanajua ni akaunti yoyote ambayo hela za kikoba zinakaa, hapana. Akaunti ya mweka hazina, hata kama namba mnaijua wote, ni mali yake, akifariki leo ile hela inaangukia kwenye mirathi na nyie mnaanza kuwabembeleza ndugu zake. Akaunti ya pamoja yenye majina ya watu wawili nayo ni ya hao wawili. Ya kikundi inabeba jina la kikundi chenyewe, wanaotia saini wanafanya kwa niaba tu, wao wanabadilishwa na akaunti inabaki palepale.

Ndo maana benki inataka kikundi kiwepo kwanza kwenye makaratasi. Kwa Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliviweka vikoba daraja la nne na usajili unafanyika halmashauri, kwa hiyo anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Benki watataka cheti, katiba, vitambulisho na picha za watia saini, mara nyingi na barua ya serikali ya mtaa, halafu muhtasari wa kikao. Huo muhtasari msiuchukulie poa, ndo unaowaambia benki nani anatia saini na hela inatoka kwa saini ngapi.

Waliocheza vikoba vya sanduku wanaijua hii habari. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanashika wanachama watatu wa kawaida, na anayelaza sanduku nyumbani kwake hana hata funguo moja. Saini za benki ni kufuli zilezile, sasa nashangaa watu wakihamia benki wanampa mwenyekiti, katibu na mweka hazina zote tatu, yaani walewale wanaopanga matumizi ndo wanaofungua. Mi naona bora mweka hazina, katibu na mwanachama mmoja asiye na cheo, na wasiwe mke na mume wala ndugu. Mkiandika wote watatu lazima wasaini, mmoja akisafiri au akilazwa mmekwama. Mkiandika wawili kati ya watatu inaenda vizuri, ila wekeni sharti kwamba yule asiye na cheo lazima awe mmoja wao, na muulizeni benki kama wanakubali kuliandika kwenye fomu kabisa, maana sharti lililobaki kwenye katiba tu yule wa kaunta hatalifuata.

Kitu kingine ni simu. Mnahangaika na saini tatu halafu akaunti inaunganishwa na laini ya mweka hazina na pini anaijua peke yake, hapo saini zimekuwa mapambo. Kama benki haina mfumo wa mmoja kuanzisha muamala na mwingine kuuidhinisha kwa simu yake, ombeni laini iwe ya kuangalia salio tu.

Na saini zinalinda hela inayotoka, haziwezi kulinda ambayo haijawahi kuingia. Chukua kikundi cha watu 20, kila mtu anaweka 10,000 kwa wiki, bado hawajaanza kukopeshana. Wiki ya 32 leja inatakiwa isome 6,400,000. Stetimenti inasoma 5,800,000. Hakuna aliyeghushi saini ya mtu, ni wiki tatu mweka hazina alibeba 200,000 kutoka kikaoni akapitia dukani kwake, akasema ataweka kesho. Hii inagundulika mapema kama katiba inasema hela iwekwe ndani ya siku moja, picha ya risiti itumwe kwenye grupu, na kila mwezi stetimenti ya benki yenyewe isomwe kikaoni pembeni ya leja. Meseji ya salio iliyofowadiwa isikubalike, inaeditiwa.

Migogoro sasa. Mkimwondoa mwenyekiti kwenye kikao, benki haijui, kwao bado ni mtia saini mpaka mpeleke muhtasari mpya na barua, kwa hiyo pelekeni siku inayofuata msisubiri. Na kikundi kikigawanyika, kila upande ukapeleka muhtasari wake, benki haitakaa kuamua nani mkweli, inazuia akaunti mpaka mkubaliane au mlete amri ya mahakama, na hapo kama ni Desemba mlikuwa mnasubiri kuvunja kikoba basi kila mtu anakosa. Kwa hiyo katiba iseme akidi ya kubadilisha watia saini ni ngapi, mfano theluthi mbili, wote waliohudhuria wasaini kwa mikono yao, na anayejitoa katikati analipwa nini na baada ya siku ngapi, maana ugomvi mwingi nilioona unaanzia kwa huyu anayetaka akiba yake leo wakati hela iko kwenye mikopo ya wenzake.