Kilo ni elfu, lakini elfu ya nini?

"Ramani ni 1:50,000, barabara ina sm 8.4. Nimezidisha nikapata sm 420,000, nikagawa kwa 1,000 kwa kuwa kilo ni elfu. Ni km 420, sivyo?"

Sivyo. Kuzidisha kwako ni sahihi. Umepotea kwenye kugawa. Kilomita ni mita elfu moja, si sentimita elfu moja, na kila mita ina sentimita 100. Kwa hiyo gawa kwanza kwa 100 upate mita 4,200, kisha kwa 1,000 upate km 4.2. Ukitaka kwa mkupuo mmoja, gawa kwa 100,000.

Ramani yenyewe ingekushtua. Karatasi moja ya 1:50,000 ya Kenya au Tanzania hufunika kama kilomita 28 kila upande. Km 420 zingetoshea wapi? Tena ina miraba ya gridi ya sm 2, na kila mraba ni kilomita moja. Sm 8.4 ni miraba minne na kitu.

Kwa skeli hiyo, mimi hugawa sentimita kwa mbili tu. Ila kwenye 1:250,000 njia hiyo haifai: huko sentimita moja ni km 2.5.