Usiruke: akiba ya giga 11 na simu yenye giga 4

Wiki hii mama huyu ni mtu wa nne. Anaweka simu mbili juu ya meza yangu hapa Nyawera, Bukavu, ya zamani kioo kimepasuka, mpya ingali na nailoni yake, na ananiambia maneno yale yale: "Fundi, akiba ya WhatsApp ni giga 11, simu mpya imebaki na giga 4. Nilikotoka waliniambia niruke tu, siku nikipata nafasi nitarudisha."

Mafundi wenzangu, acheni kuwaambia watu hivyo. Programu inauliza kuhusu akiba mara moja tu, pale unapothibitisha namba. Ukiruka, hakuna mahali popote ndani ya mipangilio pa kusema "sasa nirudishie". Njia iliyobaki ni kuiondoa programu na kuiweka upya. Na wakati wewe unasubiri nafasi, yenyewe haisubiri. Kama akiba ya Google Drive inajiendesha kwa akaunti ile ile, nakala mpya ya kwanza inakalia kiti cha ile ya zamani. Siku tatu za "umeamkaje" zinafuta miaka sita. Nimeona mama mwingine akilia kwa jambo hili mbele yangu, na sikuwa na la kumfanyia.

Aliyekwisha kuruka asiendelee kutumia simu. Zima akiba ya kujiendesha. Kama faili la akiba limo ndani ya simu yenyewe, likopiwe kwenye kadi memori kabla ya kuondoa programu, maana programu ikiondoka folda yake inaweza kuondoka nayo. Halafu weka programu upya, rudisha faili hilo kwenye folda yake kama ulilikopi, thibitisha namba ile ile, na safari hii kubali kurudisha.

Sasa kosa lenyewe. Watu wanadhani akiba ni gunia moja la giga 11, liingie lote au lisiingie kabisa. Ni vitu viwili. Kuna faili la ujumbe, yaani maandishi yote, majina ya magrupu, tarehe, hata vile vipicha vyenye ukungu. Halafu kuna folda ya Media: video, picha, sauti, hati. Uzito karibu wote uko kwenye Media. Kinachotoa watu machozi, mara nyingi, kiko kwenye faili la ujumbe.

Simu ya mama huyu, anayeuza vitenge Kadutu, ilikuwa hivi: Media giga 10.2, na faili la ujumbe mega 410. Kwa simu yenye giga 4, mega 410 si tatizo. Ila kuna mtego, na hapa ndipo hata mafundi wanaanguka. Kwenye Android njia ni hii:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases
msgstore.db.crypt14
msgstore-2025-03-11.1.db.crypt14
```

Lile lisilo na tarehe ndilo jipya kuliko yote. Yenye tarehe ni nakala za siku zilizopita, kwa sababu programu inajitengenezea nakala kila usiku saa nane na kuhifadhi hadi za siku saba. Fundi akikopi folda nzima ya Databases, kwa mama huyu ilikuwa giga 2.8. Toa kwenye giga 4, inabaki giga 1.2. Halafu urejeshaji unakwama na watu wanasema simu ni mbovu.

Unakwama kwa nini, wakati giga 1.2 ni kubwa kuliko mega 410? Kwa sababu faili lile limebanwa na kufungwa kwa ufunguo. Programu inalifungua na kuandika hifadhidata iliyo wazi mahali pengine, ndani ya eneo lake, huku lile lililofungwa likiwa bado pale. Vyote viwili vinakaa kwa wakati mmoja, na kilichofunguliwa ni kikubwa zaidi. Kwa mama huyu kilifika karibu giga 1.1, yaani ile giga 1.2 ingeliwa karibu yote. Mimi naacha wazi mara nne ya ukubwa wa faili la ujumbe. Kipimo hicho kimetokana na mikono yangu tu, na mara moja hakikutosha, nikalazimika kufuta programu nyingine na kuanza upya.

Kadi memori haiongezi nafasi hii. Programu inafungulia akiba kwenye hifadhi ya ndani, kadi ni ghala tu.

Basi nilifanya hivi. Kwenye simu ya zamani niliweka akiba ya Google Drive kwenye "kamwe", ndipo nikabonyeza kufanya akiba, ili itengeneze nakala ya ndani tu bila kumaliza mega za mama kwa kupandisha video. Nikakopi folda nzima ya WhatsApp kwenye kadi memori ya giga 32. Kwenye simu mpya niliweka programu bila kuthibitisha namba, nikatengeneza folda ya Databases kwa njia ile ile, nikaweka faili moja tu, lisilo na tarehe. Usibadilishe mwisho wa jina: crypt14 ibaki crypt14, crypt15 ibaki crypt15. Na kama mtu aliwahi kuweka neno la siri kwenye akiba yake, alitafute kwanza. Bila hilo, au ule ufunguo wa tarakimu 64, faili halifunguki.

Kabla sijathibitisha namba nikamuuliza, "Mama, katika zile sauti na picha, ni zipi huwezi kuziacha?"

Akanyamaza kidogo. "Sauti za mama yangu. Alifariki mwezi wa nne, 2023."

Sauti zinakaa kwenye WhatsApp Voice Notes, zimegawanywa kwa mwaka na wiki: folda 202314 ni wiki ya 14 ya 2023. Kila faili lina tarehe kwenye jina, kama PTT-20230405-WA0003.opus. Sauti zote za simu ile zilikuwa mega 600, kwa hiyo sikuchagua, nilizileta zote. Siri ni moja: folda iwe ile ile na jina lile lile, kwa sababu hifadhidata inakumbuka njia ya kila faili. Ukilibadilisha jina, kwenye mazungumzo utaona alama ya kitu kisichokuwepo.

Tukathibitisha namba, kwenye akaunti ya Google nikakataa, ikaikuta akiba ya ndani, tukakubali. Video zikabaki ukungu tu. Hapo sina uhakika na uamuzi wangu, kwa sababu baada ya miezi mtu huja kuulizia video moja ya harusi. Ndiyo maana kadi memori nampa mwenyewe, siifuti.

Kama simu ya zamani imekufa kabisa, ndipo unategemea Google Drive. Huko pia ujumbe unashuka kwanza na Media inafuata nyuma. Mazungumzo yakifunguka tu, zima akiba ya kujiendesha, usubiri, usiruke.

Mama alibaki na giga 1.9. Nilimwonyesha ile folda ya Databases kwa kidole, kwa sababu kila saa nane usiku inaongezeka mega 410, na usiku wa tano simu ingejaa tena. Kila Jumapili na kila Jumatano anafuta zenye tarehe, lile lisilo na tarehe haligusi. Kisha akaweka simu sikioni, akasikiliza PTT ya tarehe 5, na mimi nikatoka nje kidogo.