Clip, Intersect na Erase: kinachokatwa ni umbo, si jedwali

Kwenye GIS, yaani programu za ramani kama ArcGIS na QGIS, amri hizi tatu zina mwanzo mmoja. Una matabaka mawili ya poligoni, la kwanza ndilo lako, la pili unalitumia kama kisu, na mwishoni linazaliwa tabaka la tatu. Clip hubakiza sehemu ya tabaka lako iliyo ndani ya kisu. Erase hubakiza iliyo nje. Kwenye QGIS kazi hiyohiyo inaitwa Difference. Intersect (Intersection kwenye QGIS) hubakiza pale tu matabaka yanapolaliana, na hapo ndipo wengi huichanganya na Clip, kwa sababu mzingo wa nje wa matokeo unaweza kuwa uleule kabisa. Fungua jedwali la sifa ndipo utaona tofauti.

Tuchukue shamba moja, namba 7. Lina hekta 10 na miti 1000, na takwimu hizo zimeandikwa kwenye safu za HEKTA na MITI. Juu yake tunalaza ramani ya udongo yenye poligoni mbili zisizoingiliana: kichanga kinafunika hekta 5 za shamba, mfinyanzi hekta 3. Hekta 2 zilizobaki hazikupimwa udongo.

Ukitumia Clip unapata mstari mmoja kwenye jedwali. Umbo sasa ni la hekta 8, na safu ni zilezile za shamba. Ramani ya udongo imefanya kazi ya mkasi tu. Haikuacha jina la udongo wowote, na hata mpaka kati ya kichanga na mfinyanzi haukuligawa shamba. Erase nayo inatoa mstari mmoja, wa zile hekta 2, bila safu ya udongo. Hata kama kipande kilichobaki kimeachana pande mbili, kwa kawaida kitaendelea kuhesabika kama mstari mmoja wenye sehemu mbili.

Intersect inachukua safu za pande zote mbili, na kila mpaka inaoukuta inaukata:

```
NAMBA  HEKTA  MITI  UDONGO
7      10     1000  kichanga
7      10     1000  mfinyanzi
```

Itazame safu ya HEKTA vizuri. Kipande cha kwanza ni hekta 5, cha pili 3, lakini vyote viwili vinadai 10. Programu haikukosea. Iliambiwa ikate maumbo, ikayakata. Yaliyoandikwa kwenye safu ikayanakili kama yalivyo. Ndivyo ilivyo kwenye Clip na Erase pia, ila huko kosa linajificha kwa kuwa mstari ni mmoja. Mimi mwenyewe niliwahi kujumlisha safu kama hii na kupeleka jumla iliyokuwa karibu mara mbili ya ukweli. Aliyeligundua ni mtu asiyejua GIS hata kidogo, alijua tu ukubwa wa eneo.

Kwa hiyo baada ya kukata, pima eneo upya kwenye safu mpya. Safu ya Shape_Area ndani ya jiodatabesi ya ArcGIS hujisahihisha yenyewe, lakini safu uliyoijaza kwa mkono, au iliyomo kwenye shapefile, itabaki na namba ya zamani. Ya zamani usiifute, maana unaihitaji kugawia miti. Kwenye QGIS, kama vipimo vya eneo vya mradi viko katika mita za mraba, andika hivi:

```
"MITI" * ($area / 10000) / "HEKTA"
```

Kichanga kitapata miti 500, mfinyanzi 300. Hesabu hii inachukulia kwamba miti imetawanyika sawasawa shambani. Kama yote imepandwa kona moja, itakudanganya. Na usiitumie kwa safu ambayo tayari ni kiwango, kama mavuno kwa hekta au asilimia ya mteremko. Hizo zinakaa kama zilivyo.

Kuna kipimo kimoja ninachokifanya kila mara kabla sijaamini matokeo. Eneo la Clip likijumlishwa na la Erase lazima lirudishe eneo la mwanzo: 8 na 2 ni 10. Halafu jumla ya vipande vya Intersect ilingane na Clip. Ikizidi, tuseme inatoka 8.4, basi poligoni za udongo zinapandiana zenyewe kwa zenyewe, na kipande cha hekta 0.4 kimehesabiwa mara mbili, mara kichanga, mara mfinyanzi. Clip haiwezi kukuonyesha hilo, kwa sababu kwake kisu chote ni kitu kimoja. Panga jedwali la Intersect kwa eneo jipya, kuanzia dogo, na mara nyingi utakuta pale juu vipande vyembamba kama nyuzi, vimejipanga kwenye mipaka ambayo wachoraji wawili waliichora kila mmoja kivyake.