Neno moja baya kwenye kibodi, na simu nzima inafomatiwa

Wiki iliyopita pekee wamekuja watatu kwenye meza yangu hapa Ngamiani na ombi lile lile: "Fundi, nifomatie simu, kuna neno limeng'ang'ania." Wawili niliwazuia kwa maneno. Wa tatu alikuwa ameshafomatiwa kwingine, akalipa, akapoteza picha za arusi ya mdogo wake, na neno likarudi kabla wiki haijaisha. Nimechoka kulieleza jambo hili mdomo kwa mdomo, kwa hiyo naliandika.

"Neno likishakaa kwenye kibodi, dawa yake ni kufomati"

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu ina gharama na haitibu kitu.

Nianze na huyo wa tatu. Ni dada anayeuza machungwa. Kila alfajiri humwandikia mzee mmoja wa Muheza kuuliza kama mzigo upo. Siku moja kidole kiliteleza. Kwenye kibodi, herufi o na p zimekaa ubavu kwa ubavu, na badala ya "shikamoo" ikatoka "shikamop". Hakuliona, akatuma. Kesho yake alipoandika "shik", kibodi ikamletea "shikamop" pale juu, naye kwa haraka akaligusa. Kesho kutwa vile vile. Mzee naye si haba, siku ya nne akajibu "Marahabap". Hapo ndipo dada aliposhtuka.

Kilichotokea ndani si kirusi. Kibodi ina kamusi yake iliyokuja nayo, na pembeni ina orodha ya maneno iliyojifunza kwako wewe. Ukiandika neno isilolijua, ukapiga nafasi na kuliacha lilivyo, inaona hilo ni neno lako. Ukiligusa linapopendekezwa, unalipa uzito zaidi, nalo linasogea mbele. Dada huyu alikuwa analipigia kura "shikamop" kila alfajiri.

Sasa, kufomati kunafuta orodha hiyo, ni kweli. Lakini kunafuta na kila kitu kingine, na kidole hakifomatiwi. Aliporudi nyumbani na simu tupu, kidole kikateleza tena pale pale, kibodi ikajifunza upya.

Nilichofanya kwenye simu yake, iliyokuwa na kibodi ya Google iitwayo Gboard kama Android nyingi zinazopita mezani kwangu, ni hiki. Nilifungua sehemu ya kuandika ujumbe, nikaandika "shik" na kusimama. "shikamop" likajitokeza kwenye mstari wa mapendekezo. Nikalibonyeza na kulishikilia bila kuachia mpaka kikatokea kikapu cha taka katikati ya kibodi, nikaliburuta hadi kwenye kikapu, ndipo nikaachia. Watu wengi huachia kidole mapema, neno linaandikika, halafu wanasema njia hii haifanyi kazi. Kwenye kibodi ya Samsung huburuti: unashikilia neno, simu inakuuliza kama uliondoe, unakubali.

Kwa kawaida kazi inaishia hapo. Kwa dada huyu haikuishia. Nikaandika tena "shik", na "shikamop" lipo vile vile linanitazama. Fundi asiyejua angesema hapo sasa tufomati. Mimi nilimuuliza swali moja: "Dada, liliwahi kupigwa mstari mwekundu chini, ukaligusa?" Akasema ndiyo, liligeuka jekundu, akagusa palipoandikwa Add to dictionary ili ule mstari umwondokee.

Basi ndiyo hayo. Neno likiingia kwa mlango huo halikai kwenye orodha ya kibodi peke yake. Linaingia kwenye kamusi binafsi, ambayo ni daftari lingine kabisa, na kibodi inaliheshimu kama neno uliloliandikisha mwenyewe kwa hiari yako. Unalifuata huko: fungua setingi za Gboard kwa alama ya gurudumu juu ya kibodi, ingia Dictionary, kisha Personal dictionary. Utakuta lugha zimepangwa kila moja na ukurasa wake, na ukurasa mmoja wa lugha zote. Fungua zote. Dada alikuwa na Kiswahili na Kiingereza, na neno tulilikuta kwenye ukurasa wa Kiingereza, ambako asingelitafuta kamwe. Tukaligusa, tukabonyeza alama ya kufuta. Nikarudi kwenye ujumbe, "shik", na safari hii ikaja "shikamoo" peke yake.

Kisha nikamwambia aandike "shikamoo" kwa mkono, herufi moja moja, mara tano mbele yangu. Alicheka, lakini hilo ndilo sharti langu kwa kila mteja. Kuondoa neno baya bila kuifundisha kibodi neno zuri ni kuacha kiti wazi, na atakayekikalia ni yule yule.

Kuna mlango wa tatu ambao sikuuhitaji kwake ila nauona sana: majina ya watu uliowahifadhi. Kibodi huyasoma na kuyapendekeza. Kama ulimhifadhi Hamisi kwa haraka ukaandika "Hamsii", utalifuta pendekezo hilo mpaka uchoke. Karekebishe jina kwenye orodha ya namba.

"Basi nifutie data ya kibodi, si ni kitu kimoja?"

Si kitu kimoja, na hapa ndipo hata mafundi wenzangu wanapokosea. Kuna wakati neno si moja. Mtoto kaichezea simu mwezi mzima, au simu umeinunua kwa mtu na imejaa maneno yake. Hapo una haki ya kufuta kila kilichojifunzwa. Lakini njia mbili zinafanana kwa macho na zina matokeo tofauti.

Ya kwanza ni kuingia setingi za simu, kwenye programu, kutafuta Gboard na kugusa Clear storage. Hiyo inairudisha kibodi siku ya kwanza. Lugha ulizoongeza zinaondoka, rangi na urefu wa kibodi vinaondoka, na vile ulivyonakili ukavitia pini ili visipotee navyo vinakwenda. Mzee aliyekuziwa herufi na mjukuu wake anarudi kwangu kesho yake akisema kibodi imesinyaa.

Ya pili ndiyo unayoitaka: ndani ya setingi za Gboard yenyewe, ingia Privacy, halafu Delete learned words and data. Itakuonyesha tarakimu chache na kukutaka uziandike ndipo ikubali, ili usije ukafuta kwa bahati mbaya. Zinazokwenda ni zile ilizojifunza kwako. Lugha zako, rangi, urefu na mtetemo wa vitufe vinabaki kama ulivyoviacha. Kamusi binafsi ina daftari lake, kwa hiyo baada ya kufuta nenda ukaikague kwa mkono kama nilivyoeleza. Kwenye Samsung, ingia setingi za kibodi yake, fungua Reset to default settings, na humo chagua Erase personalized predictions. Jirani yake kuna Reset keyboard settings. Hiyo usiiguse, ndiyo inayoondoa mipangilio.

Tegemea siku kadhaa za kibodi bubu baada ya hapo. Haitajua jina la mtaa wako wala la mkeo. Ndiyo maana nasema kama neno ni moja, ondoa moja.

"Nimefuta kache na halijatoka"

Halitatoka. Kache ni vitu vya muda tu, maneno hayakai humo.

"Nimezima mapendekezo, limekufa"

Limefichwa. Ukiyawasha tena linakusubiri pale pale, na kwa muda wote huo ulikuwa unaandika bila msaada.

"Kibodi imejifunza namba yangu ya siri, inaionyesha pale juu"

Nywila iliyoandikwa kwenye kisanduku chake, kile kinachoonyesha vidoti, kibodi haijifunzi. Wengi wanaoniletea lalamiko hili walinakili namba mahali fulani dakika chache kabla, na kinachoonekana juu ya kibodi ni kile walichokinakili. Kwenye Gboard, kitu ulichonakili bila kukitia pini ili kisipotee hufutika chenyewe baada ya saa 1. Ukitaka kitoke mapema, fungua ubao wa kunakili ukifute. Bali ukiiandika nywila ndani ya ujumbe wa kawaida na kumtumia mtu, hapo umeifundisha mwenyewe, na dawa yake ni kile kikapu cha taka.

"Ya iPhone ni hivyo hivyo, shikilia tu"

Utashikilia mpaka jioni. iPhone haina kikapu cha neno moja moja. Ina kufuta kwa pamoja: Settings, General, Transfer or Reset iPhone, Reset, kisha Reset Keyboard Dictionary. Inaomba namba ya kufungulia simu, na inafuta yale tu iliyojifunza kwako. Vifupisho ulivyoviweka mwenyewe kwenye Text Replacement vinabaki, na ndiyo maana neno likitoka humo kufuta kamusi hakutalitikisa. Kalifute huko huko.

Kwenye orodha ile ile ya Reset kuna Reset All Settings, na hiyo nimeshawahi kumkuta mtu ameigusa akidhani ndiyo kubwa zaidi hivyo ndiyo bora zaidi. Picha zake hazikupotea, lakini Wi-Fi zote ilisahau, na mpangilio wa skrini ukavurugika. Ile Erase All Content and Settings nje ya orodha hiyo sitaki hata kuieleza.

Kwa neno moja kwenye iPhone, mimi sifuti kamusi. Natumia hicho hicho kifupisho kwa kukigeuza: naingia General, Keyboard, Text Replacement, naongeza mstari mpya, kwenye Phrase naandika "shikamoo" na kwenye Shortcut naandika "shikamop". Kuanzia hapo kidole kikiteleza, ukipiga nafasi simu inalinyoosha yenyewe. Android nayo inakubali ujanja kama huo kupitia kamusi binafsi, kwani kila neno lina nafasi ya kifupisho chake, ila kule kifupisho huja kama pendekezo la kugusa. Dada wa machungwa nilimwekea, na "marahaba" nikamuongezea juu, maana mzee wa Muheza sasa anaandika "Marahabap" kwa makusudi.