Weusi wa projekta ni weupe wa pazia: rangi za slaidi kwenye ukumbi wenye mwanga

Dhana: Rangi kali juu ya usuli mweusi husomeka popote.

Gizani, sawa. Tatizo ni kwamba projekta haina weusi wa kutoa, inatoa mwanga tu. Palipo peusi kwenye slaidi haipeleki kitu, kwa hiyo pazia linabaki na rangi linayopewa na madirisha, yaani kijivu kilichopauka.

Mkutano mmoja wa saccos mhasibu aliandika hasara zote kwa nyekundu juu ya nyeusi. Mzee wa viti vya nyuma akauliza, "Mwanangu, hiyo safu ya mwisho mbona hujaijaza?"

Tuchukue mfano. Projekta inaleta mwanga wa laksi 500 kwenye pazia pale penye weupe kamili, na madirisha yanaongeza 250 kila mahali. Nyeupe inakuwa 750, "nyeusi" 250. Hizo ni 3 kwa 1, na hakuna rangi mbili zitakazozidi hapo. Nyekundu #FF0000 ina takriban asilimia 21 tu ya mwanga wa nyeupe, kama laksi 106. Ongeza za dirisha upate 356. Gawa kwa 250: 1.4. Bluu #0000FF ndiyo haifai kabisa, 1.14.

Kwa hiyo kosa si usuli mweusi wenyewe. Nyeupe juu yake inapata 3 kamili, na njano kama 2.9, ingawa projekta nyingi za aina ya DLP hufifisha njano ikawa kama haradali. Mimi huchagua usuli mweupe, maana huko rangi zilizoiva hubaki karibu na kilele: bluu #000080 inapata 2.9, nyekundu #8B0000 inapata 2.7. Ile nyekundu inayong'aa inaishia 2.1.

Dhana: Kikokotoo cha utofauti wa rangi kikisema 4.5 kwa 1, umemaliza.

Kikokotoo hakijui dirisha lako. Nyekundu ile juu ya nyeusi kinaipa 5.25 na kuipitisha. Kijivu #767676 juu ya nyeupe nacho kinapita, ila kwenye ukumbi wa mfano wetu kinashuka hadi 2.2, na herufi nyembamba zinayeyuka.

Jaribu hivi kabla ya kutoka ofisini. Chora mstatili mweupe ufunike slaidi nzima, ondoa mstari wake wa pembeni, kisha weka Transparency 40%. Unachokiona kinakaribia ukumbi wenye laksi 500 kwa 250. Rudi nyuma hatua chache usome. Kisichosomeka, kiive zaidi au kikolezwe wino, halafu futa mstatili.

Dhana: Kijani na chungwa zinatosha kutenganisha mistari ya grafu.

Zikishapauka zinaweza kufanana mwanga. Mmoja uwe mweusi mnene, mwingine wa vidoti, na jina la kila mstari liandikwe pembeni yake.